Kabla ya kushona mfuko mbadala, upime

Mwaka 2019, Waziri Mkuu Majaliwa alitangaza bungeni mwezi Aprili kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ingekoma Tanzania Bara ifikapo Juni mosi. Wiki saba tu. Mimi nilikuwa na cherehani mbili na nikaona riziki imebisha hodi. Nikanunua balo la mifuko ya kitambaa kwa jumla, nikashona mingine, nikasambaza madukani. Faida ya miezi ya mwanzo ilikuwa tamu. Baadaye wakaja wakaguzi na mzani, na nusu ya mzigo wangu ukaondoka nao.

Kosa langu lilikuwa kusoma sheria kwa jicho moja. Niliona kilichokatazwa, sikutazama kwa nini kimekatazwa. Serikali haikuchukia plastiki kwa jina lake. Ilichoka na kitu kinachobebea nyanya mara moja kisha kinaziba mtaro. Mbadala wowote wenye tabia hiyohiyo uko kwenye foleni ya kupigwa marufuku. Kenya waliliona mapema: plastiki ilizuiwa Agosti 2017, viwanda vikakimbilia mifuko ya kitambaa myembamba kama utando, na kufikia Machi 2019 NEMA, mamlaka yao ya mazingira, ikatangaza kuizuia nayo. Kwetu wafanyabiashara waligeukia vile vifungashio vyeupe visivyo na maandishi, wakavitumia kama mifuko. Aprili 2021 navyo vikasimamishwa kwa matumizi hayo.

Basi kwa anayetaka kuingia leo, kazi ya kwanza ni mzani. Mfuko mbadala wa kitambaa unatakiwa usipungue gramu 70 kwa mita ya mraba, ndiyo ile GSM 70 unayoisikia. Usiamini lebo ya balo. Chukua rula na mkasi, kata vipande kumi vya sentimita 10 kwa 10, kutoka mifuko tofauti na si mmoja, uviweke pamoja kwenye mzani wa sonara. Vikifika gramu 7 umesalimika. Vikileta 4.5, umeuziwa GSM 45 hata kama lebo imeandikwa kwa wino wa dhahabu. Epuka sehemu yenye mshono au mkono, maana kitambaa pale ni tabaka mbili na kitakudanganya.

Ukishapima utaelewa pia kwa nini wengine wanauza bei ya kutupa. Mfuko wa sentimita 30 kwa 40, ukijumlisha pande mbili, pindo na mikono, unakula kama mita 0.3 za mraba. Kwa GSM 70 huo ni uzito wa gramu 21, kwa hiyo kilo moja ya kitambaa inatoa mifuko 47. Kwa GSM 45 kilo hiyohiyo inatoa 74. Mwenzako ana mifuko 27 ya ziada kwa kila kilo. Huwezi kushindana naye kwa bei, na usijaribu. Muuzie mwenye duka anayeogopa faini, mwenye duka la dawa, la nguo, anayetaka jina lake lichapwe mfukoni. Huyo analipia usalama. Muuza mchicha hatalipia, na ana haki.

Jambo jingine ni bei ya mwezi wa kwanza. Katazo likianza, kila mtu anahaha na mfuko unapanda. Usikope fedha ya mashine kwa hesabu ya bei hiyo. Mimi sasa nachukua bei ya leo, naikata nusu, na kama deni bado linalipika ndipo naendelea. Kwa cherehani nilizokuwa nazo tayari sikuumia sana. Jirani aliyenunua mashine ya kuchapa kwa mkopo aliiuza kabla mwaka haujaisha.

Nikianza upya leo, ningeangalia kazi ambayo kitambaa na kaki vyote vimeshindwa. Mfuko wa plastiki haukuwa na kazi moja. Kubeba shati, hata kaki inaweza. Kubeba samaki mbichi, kaki inalowa na kupasuka kabla hujafika kituoni, na kitambaa kinavujisha maji kwenye daladala hadi abiria wanakuhama. Nenda soko la samaki alfajiri ukasimame pembeni saa moja, uhesabu wangapi wanakuja na ndoo zao, wangapi na kikapu cha ukindu, na wangapi wanaondoka na kitu kilichofichwa chini ya kanga. Hao wa mwisho ndio wateja wako. Waulize wanalipa kiasi gani kwa hicho walichokificha; hiyo ndiyo bei utakayopaswa kuikaribia, tena kwa chombo kinachooshwa na kurudi sokoni kesho yake.