Baba Mkubwa Kajibu kwa Dole

Haya wadogo zangu, vuteni viti. Wiki hii kuna barua kutoka Nyasubi, pale Kahama, ambayo nimeisoma huku nacheka na huku namhurumia aliyeiandika.

Binti ana miaka 24, anauza vipodozi, na kijana wake yuko tayari kuleta washenga. Baba yake mzazi alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo wa kuwapokea ni baba mkubwa, anayeishi Geita na kuuza spea za pikipiki. Binti akakaa usiku mzima akatunga ujumbe wa WhatsApp. Akaanza na shikamoo, akauliza hali ya nyumbani, akamweleza kijana ni nani na kwao ni wapi, akamwomba baba mkubwa asimame mahali pa baba yake, akamalizia kwa kumshukuru kwa ada aliyomlipia tangu kidato cha kwanza. Anasema alilia akiandika. Asubuhi akakuta jibu:

👍

Basi. Hakuna marahaba, hakuna "nimefurahi mwanangu". Dole moja, tena kubwa, limejaa katikati ya kioo. Binti akaona ameshakataliwa. Akawaza labda kabila la kijana, labda mahari, labda ile ada sasa anadaiwa. Akanuna. Siku chache baadaye baba mkubwa akamwandikia: "Waje Jumamosi au Jumapili?" Naye, kwa hasira, akajibu vilevile: 👍. Baba mkubwa akaelewa kwamba siku yoyote ni sawa, akawaambia wazee wenzake Jumapili. Kijana na wajomba zake walikuwa wameshapanga gari la Jumamosi.

Mdogo wangu, sikiliza. Baba mkubwa alikubali siku ile ile ya kwanza. Angekuwa amekataa asingekuuliza siku. Mzee wa huku kwetu akichukia jambo la posa hakutumii dole. Anapiga simu, au anakaa kimya kabisa mpaka shangazi atumwe, au anakwambia "njoo nyumbani tuongee", na hapo ndipo tumbo likuume.

Ila sitakwambia kwamba ulijisumbua bure, maana maumivu yako yana sababu. Kijana wa umri wako hasomi dole lenyewe, anasoma limekuja mahali pa nini. Wewe uliweka mezani aya nne, yeye akaweka alama moja. Kwenu ninyi mnaochati mchana kutwa, kujibu ni kufikia kidogo kile mwenzio alichotoa: akiandika, unaandika, akicheka, unacheka, akituma makopa, unarudisha japo kopa moja. Mtu anayejua kuandika akaamua kutoandika, amekukaushia. Na ninyi wenyewe ndivyo mnavyolitumia mkigombana. Mpenzi anaandika "leo sitakuja", unampa dole, na yeye anajua kabisa kwamba kesho ana kesi. Sasa ukizoea kulitumia kama kofi, ukilipokea kutoka kwa mzee lazima shavu liwashe.

Halafu simu yenyewe inachangia. WhatsApp ukituma emoji moja bila neno lolote, inaikuza. Lile dole lililojaa kiooni si kwamba baba mkubwa alilikuza kwa dharau, ni programu tu inavyofanya. Kwenye Messenger ya Facebook ni balaa zaidi, maana kama hujaandika kitu, pale penye kitufe cha kutuma panakaa dole. Mzee anagusa kidogo tu, limeshakwenda. Akikandamiza kwa muda, linavimba.

Na tangu Mei 2022 WhatsApp ilipoleta ile njia ya kubonyeza ujumbe kwa muda ukachagua alama ya kuubandika, zilianza alama sita, na ya kwanza kabisa kwenye mstari ni dole. Mtu ambaye miwani kaiacha dukani, vidole vina grisi ya mnyororo wa boda, mteja anamuuliza bei ya plagi, unategemea ateremke mpaka wapi kutafuta kopa? Anagusa la kwanza. Kwake amefanya jambo la heshima: ameonyesha ameona, hakukuacha na tiki za bluu.

Jambo jingine, mzee huyu amelijua dole kwa mkono kabla hajalijua kwa simu. Amenyanyua dole kwa dereva wa fuso aliyempisha barabarani, amenyanyuliwa dole na fundi aliyemaliza kufunga injini. Siku zote limekuja na uso unaotabasamu. Anapolituma, ule uso yeye anauona. Wewe huuoni, ndiyo shida.

Sasa utajuaje dole la wema na dole la kununa? Usilikodolee dole, panda juu kwenye mazungumzo yenu ya nyuma. Binti wa Nyasubi nilimwambia afanye hivyo, akanirudishia jibu kwa aibu: ulipofika muda wa ada, baba mkubwa alijibu dole. Alipomtumia picha ya mahafali, dole. Alipomwambia mzigo wa vipodozi umefika salama, dole. Yaani miaka yote mzee anazungumza naye kwa dole, na ada ililipwa kila mara. Mtu wa kumtilia shaka ni yule aliyezoea kukuandikia maneno, na voisi, na vicheko, halafu ghafla baada ya jambo fulani anaanza kukupa dole tupu. Hapo kuna neno. Muulize.

Nyinyi mnaofanya biashara msidhani haya ni mambo ya mapenzi na ukoo tu. Kuna kesi ya Kanada ambayo naipenda sana. Machi 2021, katika jimbo la Saskatchewan, mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba kwa simu: tani 86 za mbegu za kitani, zifikishwe Novemba. Chini akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu 👍. Novemba ikafika, bei sokoni imepanda vibaya, mzigo haukuonekana. Walipofika mahakamani mkulima akasema dole lile lilikuwa na maana ya "nimepokea mkataba", si "nimekubali". Mnunuzi akasema ni saini.

Jaji alipanda juu kwenye mazungumzo yao, kama nilivyomwambia binti wetu. Akakuta huko nyuma mikataba ilitumwa vivyo hivyo, mkulima akajibu kwa neno moja au mawili tu ya kukubali, kisha mzigo ukaletwa na hela ikalipwa bila ugomvi. Juni 2023 akaamua kwamba dole nalo lilikuwa kukubali, mkulima alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Akakata rufaa, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya jimbo ikabaki na uamuzi ule.

Kanada si Kahama, na uamuzi wao haumfungi hakimu wetu. Lakini sisi tangu 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, na chini yake makubaliano hayapotezi nguvu eti kwa sababu tu yalifanywa kwa simu. Kwa hiyo wewe unayeuza mchele, dalali akikuandikia "nakuwekea gunia 20 kwa bei ile ile, Ijumaa nachukua", usimpe dole wakati kichwani unamaanisha "nimeona, nitafikiria". Mwandikie: "Nimeona, nakujibu jioni." Na wewe uliyepewa dole, kabla hujakodi gari, andika: "Kwa hiyo tumekubaliana gunia 20, Ijumaa, bei ile ile, ndiyo?" Usipakie mpaka ndiyo ije kwa maneno.

Na swali lenye pande mbili, kama lile la Jumamosi au Jumapili, dole haliwezi kulijibu hata litumwe na malaika.

Mdogo wangu wa Nyasubi, wewe piga simu leo, usiandike tena. Anza na shikamoo, usubiri marahaba, uulize mama mkubwa na watoto. Kisha sema: "Baba, samahani, juzi sikukujibu vizuri. Wenzetu wamejipanga Jumamosi, naomba tusogeze kama wazee watakubali." Usimsomee kesi ya dole. Mzee hawezi kuanza kujitetea kwa jambo alilolifanya kwa upendo, na wewe hutapata faida yoyote. Kama unatamani kusikia sauti yake akifurahi, muulize swali linalodai maneno: "Baba, ulipoona ujumbe wangu ulisemaje?" Hapo utamsikia.

Niwageukie wazazi, maana najua mnaisoma kona hii kwa siri kwenye simu za watoto wenu. Siwaambii muache dole. Ongezeni neno moja kabla yake. "Marahaba 👍" na "👍" peke yake ni jumbe mbili tofauti kabisa kwa mtoto wako. Hata "Sawa mwanangu 👍" inatosha mwezi mzima. Kama kuandika ni tabu, kandamiza kile kipaza sauti kidogo, sema sekunde tano, achia. Bosi mwenye vijana dukani, na wewe vilevile: kijana akikuandikia kwamba amefunga hesabu na kuna upungufu, ukampa dole, hatalala. Hajui kama umesamehe au kesho asije kazini.

Halafu kuna mahali pamoja ambapo nawaomba kabisa dole lisiingie, nalo ni grupu la msiba. Mtu anatangaza kwamba mama amefariki alfajiri hospitali, chini yake yanapangana madole kumi. Najua mnamaanisha "taarifa imenifikia, nakuja". Mfiwa aliye Mwanza au Dar, ameshika simu anasubiri basi, haoni hivyo. Anaona watu wanapongeza. Andikeni "Poleni sana, natoka hapa saa nne", au tumieni ile mikono miwili iliyokutana 🙏, ambayo ipo kwenye mstari ule ule wa alama sita, mwishoni kabisa. Na kama dole limeshabandikwa kwa bahati mbaya, gusa lile dole dogo lililo chini ya ujumbe, kisha uguse jina lako. Litatoka.