Namba kwenye chupa ya dawa ya miti shamba

Swali: Nimetumiwa picha ya chupa ya dawa ya kisukari inayouzwa Kibuye, Kisumu. Ina namba ya usajili na nembo ya KEBS. Je, ni halali?

Jibu: Ndugu msomaji, kwanza soma namba hiyo inasajili nini. Ile iliyo kwenye picha yako inaanza na BN. Hiyo ni ya jina la biashara: inathibitisha kwamba muuzaji ameandikisha duka lake, wala haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya chupa. Dawa inayodai kutibu kisukari husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na bodi hiyo haitajwi popote kwenye lebo yako.

Nembo ya KEBS huandamana na namba ya kibali. Tuma SM#, ikifuatwa na namba hiyo, kwa 20023. Jibu likija, linganisha jina la bidhaa na la mtengenezaji, kwa sababu namba halisi ya maji ya chupa yaweza kunakiliwa kwenye dawa. Kwenye picha yako nembo ina kingo zenye ukungu ilhali maandishi ya jirani ni makali, dalili kwamba imebandikwa kutoka picha nyingine. Hata hivyo, picha iliyobanwa na simu nayo hufifisha kingo, kwa hiyo ukungu peke yake hautoshi kumhukumu mtu.

Namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda sizioni. Usiinunue, na usiache vidonge ulivyoandikiwa hospitalini.