Dondoo muhimu: Barua ya kumpandishia bei mteja wa siku nyingi

Tuseme unafulia mashuka ya nyumba ya wageni kwa shilingi 2,000 kwa kilo. Bei mpya, 2,300, na tarehe ya kuanza, tuseme 1 Septemba, ziwe kwenye aya ya kwanza. Mteja asizitafute chini ya shukrani ndefu. Sababu mbili zinatosha: umeme na sabuni vimepanda. Ada ya shule ya wanao haimhusu. Usiombe radhi pia, maana hapo unamkaribisha aanze kupatana. Notisi ya siku 30 ni ya kiungwana, ila soma mkataba kwanza, huenda unataka 60. Kisha andika wazi: mzigo utakaopokelewa kabla ya tarehe 1 Septemba utalipiwa bei ya zamani, hata ukirudishwa tarehe 2. Ugomvi wa ankara huzukia hapo.