Vidole Kufa Ganzi Baada ya Safari Ndefu ya Baiskeli

Mkazi mmoja husambaza maziwa kwa baiskeli, kilomita 30 kwenda na kurudi kila asubuhi. Alianza kuhisi ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete. Mwanzoni ilikuwa ikiisha akipumzika. Baada ya wiki kadhaa, akawa anahangaika kufunga vifungo vya shati.

Chanzo ni nini?

Mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo viwili hupita chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho, karibu na kifundo cha mkono. Hapo hauna nyama nyingi ya kuukinga. Ukiegemea usukani kwa muda mrefu, hasa kwenye barabara ya changarawe, mshipa hubanwa.

Ikiwa ganzi iko kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, mshipa unaobanwa ni mwingine, na mara nyingi sababu ni kukunja kifundo cha mkono.

Anza na kiti

Kiti cha msambazaji huyu kilikuwa kimeinama mbele. Alikuwa akiteleza, na mikono ikabeba uzito wa mwili. Weka ubao juu ya kiti na uhakikishe kimelala sawa, kisha kaza nati.

Usukani ufuate

Ukiwa chini kuliko kiti, uinue kidogo. Usivuke alama iliyochongwa kwenye shingo yake, kwani unaweza kuchomoka ukiwa safarini. Kwa baiskeli yenye breki za vyuma, rekebisha breki kabla ya kuondoka. Unaposhika usukani, kifundo kiwe kimenyooka na viwiko vikunjwe kidogo.

Mipira na glavu

Mipira ya usukani iliyochakaa na kuwa migumu ibadilishwe. Mipira mipana upande wa nje husambaza uzito kwenye kiganja. Glavu zenye sponji husaidia, lakini sponji nene mno hukulazimisha kukaza mkono, na ganzi hurudi. Glavu haziwezi kurekebisha kiti kilichoinama.

Badilisha kitu kimoja, endesha siku mbili, ndipo ubadilishe kingine, ili ujue kilichosaidia. Njiani, hamisha mikono kila baada ya dakika chache.

Wakati wa kwenda hospitalini

Bana karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kisha mwenzako aivute. Ikiwa inachomoka kwa urahisi, au kidole gumba kinajikunja ili kuishika, misuli imeanza kudhoofika. Acha kuendesha na umwone mhudumu wa afya. Nenda pia ikiwa ganzi haiishi kwa siku kadhaa za mapumziko, au ikiwa miguu nayo inakufa ganzi. Hapo tatizo huenda si baiskeli, bali ugonjwa kama kisukari.