Wasifu wa nusu ukurasa: utamjuaje anayejifunza haraka?

Natafuta mtunza stoo wa duka la jumla. Wanaoomba wamemaliza kidato cha nne, hawajawahi kuajiriwa. Nianzie wapi?

Anza kwa kuangalia kama dukani kuna mtu wa kuwafundisha. Kama hayupo, ajiri mzoefu, yaishe. Akiwepo, kujaza leja na kupanga mzigo ni kazi ya kufundishika kwa wiki chache, na miaka ya uzoefu isikutishe. Schmidt na Hunter, katika uchambuzi wao wa 1998 uliokusanya tafiti za miaka 85, walikuta kwamba miaka ya uzoefu hubashiri utendaji kwa udhaifu mno ikilinganishwa na jaribio la kazi yenyewe.

Nimuulize nini?

Usimuulize kama anajifunza haraka, nani atakataa? Muulize ni kitu gani amejifunza karibuni bila mwalimu: kusuka, kufuga kuku, kutengeneza simu, chochote. Kisha mfuatilie. Mwanzoni ulikosea wapi? Ulijuaje kwamba umekosea? Ukabadilisha nini? Aliyefuga kweli atakwambia vifaranga walikufa kwa kideri, akaenda kumuuliza muuza dawa, na kundi lililofuata akaliwahi kwa chanjo. Asiyefuga atarudi kwenye sifa zake: mchapakazi, mwaminifu, anajituma.

Na mwenye maneno matamu?

Huyo mpe kazi. Mweleze kwa dakika 10 jinsi ya kujaza leja, kisha mpe hesabu: stoo ilikuwa na katoni 40 za maziwa, zimeingia 25, zimetoka 18, na mteja amerudisha 3 zilizopasuka. Wengi watafika 47 kisha waongeze zile 3, waandike 50. Hapo usimkate. Mweleze mara moja tu kwamba salio ni la mzigo unaouzika. Mbovu huandikwa pembeni. Sasa mpe duru ya pili yenye sura tofauti: katika zile 47, katoni 2 zimepitwa na tarehe. Akiandika 45 na kuziorodhesha zile 2 peke yake, ameshika kanuni. Akibaki na 47 kwa sababu hakuna kilichorudishwa, alishika mfano tu.

Mimi humpa alama nyingi zaidi anayeuliza kabla ya kuandika: "Hizi zilizopasuka zinarudi kwenye hesabu?"

Je, kama mmoja alishawahi kushika leja kwa mjomba wake?

Ataonekana mwepesi kumbe anakumbuka. Waulize wote mapema, na kwa aliyekwisha kuigusa chagua jaribio jingine, kama utaratibu wa duka lako wa kupokea mzigo. Msaili mwenzako naye aandike alama zake kabla hamjazungumza, maana mkubwa akishasema "huyu anafaa", wengine hufuata.

Uaminifu nao unaonekana hapo?

Hapana. Mwizi naye hujifunza haraka. Kwa hilo zungumza na wadhamini, na katika kipindi cha majaribio hesabu stoo mwenyewe kila wiki, bila kumtangazia siku.