Rovu kwenye picha: linaloonekana na lisiloonekana

Rovu ni kuvimba kwa tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Siku hizi picha ya shingo hutumwa kwa simu kutoka kijijini hadi zahanati, nalo swali huwa moja: je, hili ni rovu, na limefika wapi?

Shirika la Afya Duniani limeweka madaraja matatu. Daraja 0, tezi haionekani wala haipapasiki kuwa kubwa. Daraja 1, vidole vinaikuta tezi iliyokua, lakini shingo ikikaa kawaida huioni. Daraja 2, uvimbe unaonekana wazi shingo ikikaa kawaida. Kwa kupapasa, tezi huhesabiwa kuwa imekua ikiwa kila upande wake umezidi pingili ya mwisho ya kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe, si cha mpimaji. Kwa hiyo mtoto hupimwa kwa kidole chake.

Picha, basi, haiwezi kutenganisha daraja 0 na daraja 1, kwa sababu tofauti yao iko kwenye vidole. Inachoweza kuonyesha ni daraja 2 tu, na hilo nalo picha ikipigwa vizuri.

Kupiga picha

Mgonjwa akae wima, atazame mbele, asiinue kidevu. Avue mkufu na mtandio. Simama umbali wa hatua moja au mbili, simu iwe usawa wa shingo, halafu piga picha ya mbele na za pembeni kwa mwanga wa mchana usiokuwa mkali. Mwanga wa simu huifanya shingo ionekane bapa, na jua la upande mmoja huleta kivuli kinachofanana na uvimbe. Kisha mpe maji, umrekodi video akimeza. Tezi hupanda na kushuka pamoja na koo anapomeza, lakini mafuta ya shingoni hayapandi hivyo.

Mfano

Tuseme mama wa miaka 38, mkulima wa Makete, amepigwa picha na mwanawe akiwa ameinua kidevu. Uvimbe unaonekana waziwazi, na aliyetumiwa picha anaandika daraja 2. Picha ya pili inapigwa kidevu kikiwa usawa, na uvimbe hauonekani tena. Muuguzi anapapasa na kukuta pande zote mbili zimezidi gumba la mama huyo. Daraja lake ni 1.

Ukiishia hapo utasema ni rovu dogo, arudi nyumbani. Lakini anasema anakula vizuri na bado nguo zinampwaya. Joto linamsumbua hata asubuhi za baridi, usingizi umepotea, na anaenda choo kikubwa mara nyingi kuliko zamani. Muuguzi anamwambia anyooshe mikono, anaweka karatasi juu ya vidole, nayo inatikisika. Baada ya kukaa dakika tano, mapigo yake yanahesabiwa kwa dakika nzima: 116. Kwa mtu mzima aliyetulia, zaidi ya 100 ni mengi. Homa na upungufu wa damu pia huongeza mapigo, kwa hiyo vinapimwa, na havikuonekana. Tezi hii inaelekea kufanya kazi kupita kiasi, ingawa haikuonekana kwenye picha iliyopigwa vizuri. Anapelekwa hospitali kupimwa damu, kwa kipimo cha TSH na homoni za tezi. Kipimo hicho ndicho kinachothibitisha.

Ukubwa wa rovu hausemi tezi inafanya kazi vipi. Kuna watu wenye rovu kubwa la miaka mingi ambao vipimo vyao viko sawa.

Tezi inayofanya kazi kidogo ni ngumu zaidi kuigundua, kwani dalili zake huja polepole na huhesabiwa kuwa uchovu tu. Mtu husikia baridi wenzake wakiwa sawa, hunenepa bila kula zaidi, hufunga choo, ngozi hukauka, sauti hukwaruza, uso hujaa na hedhi huweza kuwa nzito. Mapigo huwa taratibu. Kwa mjamzito usingoje dalili zitimie, kwa sababu homoni hizo zikipungua sana bila kutibiwa, ubongo wa mtoto tumboni unaweza kuathirika.

Chumvi yenye madini joto ya kupikia iendelee kutumika, lakini usimnunulie mgonjwa matone wala vidonge vya madini joto bila ushauri wa daktari. Mwenye rovu la muda mrefu lenye vinundu, madini mengi ya ghafla yanaweza kuisukuma tezi ifanye kazi kupita kiasi.

Uvimbe unaokua haraka, kinundu kigumu, sauti iliyobadilika au shida ya kumeza: mpeleke hospitali mapema. Akikoroma akiwa macho au akishindwa kupumua, mpeleke saa hiyo hiyo, usisubiri kupiga picha.