Barua pepe inayojiita banki

Tangu 2011, Serikali ilipoanza kupitisha mishahara ya watumishi wake banki, walimu na wauguzi wengi wamekuwa wateja hata kama wanafanya kazi mbali na mji. Kwa mtu wa Mitwaba, kwenda Lubumbashi kuuliza habari za konti ni safari, na barabara yenyewe tunaijua. Mwizi anautegemea umbali huo. Anakutisha kwamba konti inafungwa, kisha anakupa njia ya mkato ya kuiokoa.

Huu ni mfano tulioutunga, si wa banki yoyote:

```
Kutoka: Banki Mfano <huduma@bankimfano-cd.com>
Konti yako itafungwa baada ya saa 24.
Hakiki hapa:
https://bankimfano.cd.hakiki-konti.com/ingia
```

Kwenye simu, mara nyingi utaona “Banki Mfano” tu, na jina hilo yeyote anaweza kujiandikia. Liguse ili anwani nzima ifunguke, utazame kinachofuata @. Tuseme banki hii hutumia bankimfano.cd, kwa kuwa .cd ni ya Kongo yetu. Hapa pana kistari badala ya nukta, kisha .com: hiyo ni anwani nyingine kabisa. Hata ingefanana herufi kwa herufi, usiridhike bado, maana anwani ya mtumaji nayo hughushiwa.

Kiungo usikifungue. Kishikilie kwa kidole mpaka anwani yake ionekane. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya https://, halafu rudi nyuma kuelekea kushoto: .com, kisha hakiki-konti. Huyo ndiye mwenye ukurasa, bankimfano.cd iliyotangulia ni pambo tu. Alama ya kufuli isikudanganye. Inaonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, haisemi unawasiliana na nani, na wezi nao huipata bila malipo.

Zile saa 24 zimewekwa ili usipate nafasi ya kuuliza. Basi uliza: piga namba iliyo nyuma ya kadi au kwenye mkataba wako, kamwe si ile iliyo ndani ya barua.

Wengi hunaswa hatua ya mwisho. Ukiandika neno la siri kwenye ukurasa wa uongo, mwizi huliingiza papo hapo kwenye banki ya kweli. Banki inakutumia kode kwa SMS, na kwa kuwa SMS hiyo ni halali, wasiwasi unakutoka. Ukurasa unakuomba kode, ukiitoa, ameingia.

Kama umetoa neno la siri lakini kode bado unayo, usiitoe. Pigia banki waizuie konti, ubadilishe neno la siri kupitia programu yao, na la barua pepe pia ikiwa ni lilelile. Kama kode imekwisha kwenda, anza na simu ya banki, na utaje saa ulipoitoa kode ili wajue wapekue miamala kuanzia wapi.